Baba wa bwana harusi aseme nini kwenye chakula cha mkesha?

*Mimi ni baba, naishi Morogoro. Kijana wangu anafunga ndoa na Mmarekani huko Columbus, Ohio, Jumamosi kanisani. Ananiambia Ijumaa usiku, wakitoka kwenye mazoezi ya ndoa, kuna chakula cha watu 34 mgahawani, na kwa desturi ya huko baba wa kijana ndiye anayekaribisha wageni. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Wazazi wa binti waliachana, mama ameolewa tena, na wote watatu watakuwepo. Niseme nini, na kwa muda gani?*

Shikamoo, mzee wangu. Tuanze na shughuli yenyewe, maana wazee kadhaa niliowashereheshea huku Marekani wamejikwaa hapo hapo: walipanda ndege na hotuba ya sendofu mfukoni.

Sendofu unaijua. Ukumbi una watu 300, mshereheshaji yupo, ukoo unasimama meza kwa meza kutambulishwa, baba anaanza na mgeni rasmi na kushuka ngazi moja moja hadi kwa kamati, halafu anamalizia kwa "itifaki imezingatiwa" wakati robo saa imeshakwenda. Hakuna anayenuna kwa sababu kila mtu alikuja kwa ajili hiyo. Chakula cha mkesha ni kitu kingine kabisa. Kimezaliwa na mazoezi: Ijumaa jioni maharusi, wapambe, wazazi na mchungaji wanakutana kanisani kupanga nani anaingia na nani na nani anasimama wapi, na wakimaliza wanakwenda kula pamoja. Zamani gharama za harusi zilikuwa za upande wa binti, na chakula hiki kikaachwa mikononi mwa upande wa kijana. Siku hizi mambo ya malipo yamechanganyika, lakini ile desturi ya mwenyeji kusimama kwanza na kuwakaribisha watu imebaki.

Kuna jambo jingine ambalo pengine kijana hakukueleza. Siku ya harusi, ukumbini, wanaoongea kwa kawaida ni baba wa binti, msimamizi mkuu wa bwana harusi na msimamizi mkuu wa bibi harusi. Baba wa kijana mara nyingi hana nafasi kwenye ratiba. Kwa hiyo dakika hizi za Ijumaa ndizo zako, na usizitumie kumaliza hadithi za utotoni au za chuoni ambazo rafiki yake ameziandaa kwa ajili ya Jumamosi. Mpigie simu huyo rafiki, au mwambie kijana amuulize, ili msigongane.

Mle chumbani kutakuwa na watu wa makundi matatu. Wapo wa kwenu mliotoka mbali, wapo ndugu za binti ambao nao wamegawanyika pande mbili, na wapo vijana wapambe waliosoma na maharusi. Wengi wao wameonana kwa mara ya kwanza saa mbili zilizopita, kanisani, wakiambiwa wasimame kulia au kushoto. Kazi ya mkaribishaji ni kuwafanya watu hao waweze kula pamoja bila kuoneana haya. Ukiishika hiyo, mambo mengi uliyotaka kuyasema yataanguka yenyewe. Nasaha za ndoa zitaanguka, kwa sababu mchungaji atazitoa kesho. Sifa za elimu ya kijana na kazi yake zitaanguka pia, kwa sababu hazimsaidii shangazi wa Ohio kugeuka na kumsalimia shangazi wa Morogoro.

Muda ni dakika mbili na nusu za maneno yako mwenyewe. Mtu akiongea Kiswahili kwa utulivu hutoa kama maneno 100 kwa dakika, ila jipime mwenyewe kwa simu, maana wazee wa kwetu wengine husema polepole kuliko hapo. Ukitafsiriwa, muda unakuwa mara mbili. Maneno 230 yatachukua karibu dakika tano pamoja na tafsiri, na dakika tano ndio mwisho wa uvumilivu wa watu ambao hawajala tangu mchana.

Ongea Kiswahili. Nimewahi kumwona baba mmoja akisoma kurasa mbili za Kiingereza alichoandikiwa na mpwawe. Alikuwa anasoma maneno, hakuwa anaongea na mtu, na hakuinua macho hata mara moja. Wageni walimpigia makofi ya huruma. Ukiongea lugha yako utaweza kuwatazama, na wao watakusikia sauti kabla ya kusikia maana. Ila mkalimani asiwe bwana harusi. Atalazimika kujisifu kwa mdomo wake mwenyewe pale unapomsifu, na kitu kikikugusa moyo yeye ndiye atakayeshindwa kuendelea. Mtafute dada yake, binamu, au rafiki anayezijua lugha zote mbili, na umpelekee maneno yako wiki moja kabla, yote, bila kumfichia chochote cha kumshtukiza.

Msifanye sentensi kwa sentensi. Tafsiri ya sentensi kwa sentensi inaua utani, kwa sababu nusu ya chumba inacheka wakati wewe umeshafika mbali, na inaua mapumziko pia. Igawe hotuba katika vipande vinne au vitano. Sema kipande kizima, nyamaza, mwangalie mkalimani mpaka amalize na watu wamalize kucheka, ndipo uendelee.

Methali, chukua moja tu, na iwe inayovuka lugha bila kubebwa. "Ukiona vyaelea vimeundwa" ni nzuri, lakini ikifika upande wa pili mkalimani ataanza kueleza habari za vyombo na mafundi, na hapo umempoteza. "Mgeni njoo mwenyeji apone" inavuka salama, na kwako ina ladha ya ziada, kwa sababu usiku ule wewe ni vyote viwili: mgeni katika nchi yao, mwenyeji katika meza ile. Mimi ningeijenga hotuba nzima juu ya hilo.

Sasa, hiyo "mwenyeji" iwe kweli. Muulize kijana waziwazi nani analipa. Kama ni wewe, sema "karibuni mezani kwetu". Kama analipa yeye na mchumba wake, au mmechanga, sema "kwa niaba ya watoto wetu, karibuni". Kuna baba alisimama akasema kwa fahari "leo mnakula kwangu" huku bibi harusi ndiye aliyekwisha kulipa kwa kadi yake, na mama wa binti alijua. Hakuna aliyesema neno, lakini meza ile ilipoa.

Wazazi watatu ndio sehemu ya kuangalia zaidi. Kosa la kawaida ni kusema "baba na mama wa binti" kwa mkupuo, kana kwamba bado ni mke na mume, halafu yule mume wa mama anabaki anatazama uma wake. Kosa la pili ni kumwongeza mwishoni na maelezo: "na pia baba wa kambo". Njia iliyo salama ni kuwataja wote watatu kwa majina yao ya kwanza, bila vyeo, kila mmoja na jambo lake dogo au wote kwa jambo moja. Kwetu kumwita mkwe kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu, najua, na ulimi utasita. Kwao ndiyo heshima ya kawaida mezani. Mpangilio wa majina usiuamue wewe. Muulize binti mwenyewe, kupitia kijana, nani atajwe kwanza. Yeye ameishi na jambo hilo na atakujibu kwa sekunde tano.

Hii hapa ni hotuba jinsi ambavyo ningekuandikia. Majina nimeyaazima: kijana namwita Baraka, binti Emily, mama yake Susan, baba yake Mark, na mume wa mama David. Mwaka, na kisa cha mchele, ni mfano tu. Weka vya kwenu. Mistari inaonyesha pa kumpisha mkalimani.

---

Ndugu zangu, habari za jioni. Kwetu mtu akipata mtoto hupoteza jina lake. Tangu mwaka 1994 hakuna jirani anayeniita kwa jina langu. Naitwa Baba Baraka. Kwa hiyo nanyi niiteni hivyo.

---

Nyumbani tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiingia, mwenye nyumba hupata nafuu, hata kama hakuwa anaumwa. Usiku wa leo mimi sijui nijiite nani. Katika nchi hii ni mgeni. Katika meza hii nimeambiwa ni mwenyeji. Basi nitapona mara mbili.

---

Susan, Mark, David: tulikuwa na hofu, kijana wetu anaishi mbali, nani atamwuliza kama amekula? Tumekuja tukakuta mlishakuwa mnamwuliza. Asanteni. Na ninyi vijana mliosimama nao leo kanisani, wengine mmesafiri siku nzima. Asanteni kwa kuja.

---

Emily alipokuja Morogoro, asubuhi moja alimkuta mke wangu uani akipepeta mchele. Hakuuliza kitu. Akachukua ungo. Nusu ya mchele ikaenda chini, na kuku wetu hawajawahi kufurahi vile. Kesho yake asubuhi nikasikia sauti uani. Alikuwa ameshika ungo tena. Siku ile nilimwambia mke wangu: huyu amefika nyumbani.

---

Chakula kinakuja. Nawaomba kitu kimoja: kabla hakijaisha, kila mtu ajue jina la mtu mmoja ambaye jana hakumjua. Sasa tunyanyue glasi, za chochote mlichonacho. Emily na Baraka.

---

Hayo yote hayafiki maneno 230, na utaona hakuna sehemu inayomsifu kijana moja kwa moja. Sifa yake imo kwa watu waliomzunguka.

Kisa cha mchele nimekiweka kwa sababu tatu. Binti ndiye anayetenda, hasifiwi kwa maneno. Baba alikiona kwa macho yake, hakusimuliwa. Na kosa lenyewe ni dogo, la kuchekesha, na kesho yake linarekebishwa na yeye mwenyewe. Tafuta cha kwako chenye sura hiyo, kisizidi maneno 60. Kama hamjawahi kuonana ana kwa ana, chukua kitu cha simu: siku aliyojaribu kukuamkia akasema "shikamoo" kwa mtoto wa jirani, kwa mfano. Halafu, na hili usilisahau, mwombe ruhusa. Mwambie kijana: nataka kusimulia habari ya mchele, je, ataona haya? Bibi harusi anacheka kwa raha anapojua kinachokuja.

Ule mchezo wa jina, Baba Baraka, una mtego. Utatamani kuendelea nao: "Susan, kwetu wewe ungeitwa Mama Emily, na Mark ungeitwa Baba Emily." Ni utani mzuri, watu watacheka, na David atabaki hana jina. Kama wazazi wangekuwa wawili ningekuambia uutumie bila kusita. Hapa uache ukuhusu wewe peke yako.

Sasa yale niliyoyaacha kwa makusudi. Mahari kwanza. Hata kama mlifanya mchezo wa posa na mkakabidhi kitenge na asali, utani wa ng'ombe usiutie humo. Kwa Kiswahili "tumeshalipa, sasa tunachukua chetu" ni kichekesho ambacho kila mtu anajua mpaka wake. Kikitafsiriwa kinakuwa bei ya mtu, na mkalimani hana namna ya kukiokoa. Ndugu wa utani huo ni "mmetupatia binti, sasa ni wetu". Kwetu ni kauli ya kumpokea. Kwao mama anaweza kusikia kwamba ananyang'anywa. "Amefika nyumbani" inasema jambo lile lile bila kumtoa alikotoka. Wajukuu pia niliwaacha. Najua mama yake Baraka anawasubiri, lakini kuwaombea watu watoto mbele ya wageni 34 kule kunahesabika kuwaingilia mambo ya ndani, na hujui wao wawili wamepanga nini au wanapitia nini.

Nimeacha saa vilevile. Usijitwike kutangaza ratiba ya kesho. Ukisema "tukutane kanisani saa nane mchana", mkalimani aliyechoka atatafsiri namba kama ilivyo, na saa nane yako, ambayo kwao ni saa mbili ya alasiri, itageuka saa mbili usiku yetu. Nimeishuhudia, na wapambe wawili wakaanza kubishana mezani. Kama ni lazima itangazwe, aitangaze msimamizi wa harusi kwa lugha ya wenyeji.

Kuhusu mahali pa kusimama. Chumba cha faragha cha mgahawa mara nyingi hakina kipaza sauti, na kwa watu 34 hukihitaji kama umesimama vizuri. Simama katikati ya ukuta mrefu, si kichwani mwa meza, ili aliye mwisho asiwe mbali nawe. Mkalimani asimame bega kwa bega nawe, asiwe nyuma yako. Wakati sahihi ni pale watu wameshakaa na vinywaji vimeshamiminwa, kabla ya chakula kutoka. Kijana azungumze na msimamizi wa mgahawa mapema kwamba sahani zisitoke mpaka ukae. Ukiwaona wahudumu wamejipanga mlangoni na sahani mikononi, ujue umeshapita muda. Ruka moja kwa moja hadi kwenye glasi. Dalili ya mapema zaidi ni mikono: watu wakianza kukunjua vitambaa vya mezani na kuvilaza mapajani, wameshahamia kwenye chakula.

Sala ya chakula ipangwe pembeni. Mchungaji huwa amealikwa, na kama yupo, mwombe yeye aombe mara tu mkishusha glasi. Usiiunganishe na hotuba yako. Sala yetu ina kawaida ya kurefuka, na tafsiri yake inarefuka zaidi.

Glasi yenyewe ina utaratibu. Ndiyo alama ya kwamba umemaliza. Usiponyanyua, watu watabaki wanakutazama wakisubiri. Inyanyue usawa wa macho, taja majina mawili, nyamaza. Wageni watayarudia hayo majina mawili kwa pamoja, kisha wote wanywe, na hapo mkalimani hana kazi. Wanaonyanyuliwa glasi, yaani maharusi, hawanywi wakati ule, wanapokea tu. Mwambie kijana, asije akawa wa kwanza kumeza. Kama hamnywi kileo nyumbani kwenu, juisi au soda haina neno. Maji nayo wengi hawayajali, ingawa wapo wanaoyaona nuksi kwa jambo kama hili, basi agiza juisi umalize.

Baada yako, kati ya chakula kikuu na kitu kitamu, wengine wanaweza kusimama: mama, dada, rafiki. Kama kuna mjomba wa kwenu anayependa kushika nafasi, mpe kazi mapema, dakika moja kamili, kwa jina. Asiyepewa kazi ndiye anayesimama mwenyewe.

Maandishi yaandike kwa mkono kwenye kadi mbili ngumu, herufi kubwa, kipande kimoja kimoja chenye nafasi kati yake. Simu ina tabia ya kuzima kioo wakati mkalimani anaongea. Na ile Ijumaa jioni kanisani, wakati vijana wanahangaishwa na kupanga foleni, utakuwa na nusu saa ya kukaa bure kwenye benchi karibu na Mark, Susan na David. Waulize kila mmoja atamke jina lake, ulirudie mpaka atikise kichwa, kisha uliandike kwenye kadi kwa tahajia yetu, jinsi unavyolisikia. Yule mkalimani awe karibu, maana hapo ndipo utakapojua kama Mark anaitwa Mark na watu wote, au ana jina jingine la nyumbani ambalo Emily alisahau kukutajia.